Kipepeo, kaa, na vipimo vinavyotimia bei ikishageuka

*"Mwalimu, habari za kazi. Nimejifunza maumbo ya hamoniki, hasa kipepeo na kaa. Nilirudi nyuma kwenye chati za EUR/USD nikahifadhi mifano 40, na karibu yote bei iligeuka pale pale kwenye D, nukta ya mwisho ya umbo ambapo bei hutarajiwa kugeuka. Kwenye akaunti halisi nimeingia mara 14 na nimepoteza 10. Mara ya mwisho nilinunua kipepeo kwenye 1.0746, stoplosi pipsi 20 chini yake, ikapigwa. Bei ikaenda kugeukia 1.0676, na programu yangu ikachora kaa aliyetimiza vipimo vyote. Je, napima vibaya, au natumia uwiano usio sahihi?"*

Hupimi vibaya, ndugu yangu, na uwiano wako ni ule ule unaofundishwa kila mahali. Tatizo liko kwenye ile mifano 40. Uliikusanya kutoka kwenye chati ambazo bei ilikwishageuka, na kwenye chati za aina hiyo umbo lililoshindwa mara nyingi halibaki hata lionekane. Biashara yako ya mwisho inaonyesha jambo hili vizuri, kwa hiyo nitaanza nayo.

Ulinitumia nambari zote za nukta tano za umbo, yaani X, A, B, C na D. Bei ilipanda kutoka X kwenye 1.0800 hadi A kwenye 1.1000, yaani pipsi 200. Ikashuka hadi 1.0880, ikapanda hadi 1.0968, ikashuka tena hadi 1.0843, ikapanda hadi 1.0940, kisha ikaporomoka. Wewe ulichukua 1.0843 kuwa B na 1.0940 kuwa C. Kutoka A hadi B ni pipsi 157, ambazo ni 0.785 ya mguu wa XA, na kipepeo anadai 0.786. Kutoka B hadi C ni pipsi 97, yaani 0.618 ya AB. Ukahesabu 1.27 ya XA kutoka A, ambazo ni pipsi 254, ukaipata D kwenye 1.0746. Kila kitu kiko sawa. Angekuwepo mkaguzi asingekuta kosa.

Sasa rudi kwenye safari ile ile ya bei uchague B nyingine, ile ya kwanza kwenye 1.0880, na C iwe 1.0968. AB inakuwa pipsi 120, yaani 0.60 ya XA, na hiyo iko ndani ya 0.382 hadi 0.618 anayoruhusiwa kaa. BC ni pipsi 88, yaani 0.733 ya AB, nayo inakubalika. D ya kaa ni 1.618 ya XA, kwa hiyo inaangukia 1.0676. Kutoka C hadi hapo ni pipsi 292, ambazo ni mara 3.32 ya BC, na kaa anaruhusiwa 2.24 hadi 3.618. Naye ametimia kila kipimo.

Kwa maneno mengine, mteremko mmoja ulikuwa na maumbo mawili halali kwa wakati mmoja, na D zao zimepishana pipsi 70. Ukimchora kipepeo, ule mruko wa 1.0880 hadi 1.0968 unauita kelele za soko ndani ya mguu wa AB. Ukimchora kaa, mruko wa 1.0843 hadi 1.0940 ndio unaogeuka kelele, ndani ya mguu wa CD. Hakuna kanuni iliyokuambia mapema kelele ni ipi. Kanuni hiyo huja baada ya bei kugeuka. Ikigeukia 1.0746, chati inahifadhiwa kwa jina la kipepeo. Ikigeukia 1.0676, inahifadhiwa kwa jina la kaa. Isipogeuka popote, hakuna anayehifadhi kitu.

Nataka niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Kaa yule hakubuniwa baadaye. C yake ilithibitika mapema, pale bei ilipovunja 1.0880 kwenda chini, kabla hata ya kipepeo wako kuwa na C. Mtu makini angeweza kuandika 1.0676 kwenye daftari siku hiyo. Lakini mtu huyo huyo angeandika na 1.0746 mara tu bei ilipovunja 1.0843, na hesabu yake ya mwisho ingekuwa moja imeshinda na moja imeshindwa. Chati uliyohifadhi wewe inaonyesha moja kati ya moja. Hapo ndipo asilimia zako nzuri zilipotoka.

Kuna jambo la pili, na hili ni la programu yenyewe. Zana nyingi zinazotafuta maumbo haya zinategemea kiashiria cha aina ya ZigZag kuamua vilele na mabonde. Kiashiria hicho kina tabia ambayo kila anayekitumia lazima aijue: mguu wake wa mwisho haujatulia. Bei ikiendelea kushuka, ncha ya mwisho inahamia kwenye bonde jipya na ile ya zamani inafutwa. Kipepeo wako alikuwa na D kwenye 1.0746 hadi bei ilipoteremka zaidi. Hapo ZigZag ikahamisha ncha, D ya kipepeo ikakosa nguzo, na programu ikamwondoa kwenye kioo bila kuacha alama. Ndiyo maana ulipoiangalia chati jioni ulimkuta kaa peke yake. Leo ukirudi miaka 5 nyuma kwa programu hiyo hiyo, unatazama makaburi ambayo misalaba yake yote imeng'olewa, ukabaki na walio hai tu.

Jaribu mwenyewe uone. Fungua chati ya dakika 15 wakati soko linatembea, weka programu ikichora, na kila umbo linapotokea piga picha ya kioo yenye saa. Baada ya wiki moja, linganisha picha zako na chati ya programu. Maumbo yaliyomo kwenye picha na hayamo kwenye chati ndiyo uliyokuwa ukiyanunua na akaunti yako halisi.

Pengine utauliza: hata hivyo, inawezekanaje nambari nyingi kiasi hicho zikubaliane mahali pamoja? Uwiano wa XA unaelekeza 1.0746, uwiano wa BC nao unaelekeza hapo hapo. Walimu wengi huita makutano haya ushahidi, na nakiri kwamba hata mimi yalinishika kwa muda mrefu. Siku niliyokaa na karatasi nikaandika hesabu yake, niliona kwamba makutano yale hayatoki sokoni. Chukua b kuwa sehemu ya XA ambayo B imerudi, c kuwa sehemu ya AB ambayo C imerudi, na d kuwa umbali wa D kwa kipimo cha XA. Basi:

```
CD / BC = 1 + (d - b) / (b * c)
```

Hii ni jometri ya mistari minne tu. Ukishajua b, c na d, uwiano wa CD kwa BC hauna uhuru tena. Sasa weka za kipepeo. Nambari 0.786 ni kipeuo cha pili cha 0.618, na 1.27, au kwa usahihi zaidi 1.272, ni kipeuo cha pili cha 1.618. Ukigawanya 1.272 kwa 0.786 unapata 1.618, na kwa hiyo sehemu ile ya (d - b) / b inakuwa 0.618. Fomula nzima inabaki 1 + 0.618 / c. C ikirudi 0.382 unapata 2.618. Ikirudi 0.5 unapata 2.24. Ikirudi 0.618, kama ilivyokuwa kwako, unapata 2.0. Ikirudi 0.886 unapata 1.70. Kwa kawaida kipepeo huruhusiwa 1.618 hadi 2.618. Kwa maneno mengine, B ikikaa kwenye 0.786 na D kwenye 1.27, kipimo cha BC kitatimia chenyewe, soko liwe la sarafu, la dhahabu, au mistari uliyoichora kwa kurusha sarafu. Nambari hizi ni ndugu wa tumbo moja. Zikikubaliana, huo si ushahidi wa shahidi wa tatu.

Kwa kaa fomula hiyo inaonyesha kitu cha ajabu zaidi. Vitabu vinasema B inaweza kurudi kuanzia 0.382. Weka b kuwa 0.382, d kuwa 1.618, na mpe c nafasi kubwa kabisa anayoruhusiwa, 0.886. Jibu ni 4.65, wakati mwisho wa kaa ni 3.618. Haiwezekani. Ukitafuta b ndogo kabisa inayoweza kutimiza masharti yote pamoja, unaikuta karibu na 0.49. Kwa hiyo kila ukiona chati ya kaa "kamili" ambaye B yake iko kwenye 0.382, ujue kuna kipimo kimoja kimevutwa au kimefumbiwa macho. Sisemi aliyechora alidanganya. Alikwishaiona bei imegeuka, na jicho likishaona mwisho hulegeza mkono bila mwenyewe kujua.

Kulegeza huko kuna jina rasmi kwenye programu: kiwango cha uvumilivu. Kati ya 0.382 na 0.886 maumbo ya hamoniki yanatumia 0.382, 0.5, 0.618, 0.707, 0.786 na 0.886. Ukiruhusu kila moja ikosee kwa 0.03 juu au chini, utakuwa umefunika takriban asilimia 60 ya nafasi yote. Ukiruhusu 0.05, umefunika karibu asilimia 93. Kwa mpangilio huo, bei iliyosimama popote kwa kubahatisha itaangukia karibu na "nambari takatifu" mara 9 kati ya 10. Upande wa D hali ni hiyo hiyo. Kwenye mfano wako, 1.13 ya XA ni 1.0774, 1.27 ni 1.0746, 1.414 ni 1.0717 na 1.618 ni 1.0676. Mpe kila mmoja eneo la pipsi 15 juu na 15 chini, kisha utazame kati ya 1.0789 na 1.0661. Utabaki na tundu la pipsi 11 tu ambalo bei ingegeukia bila kupewa jina.

Inasaidia kujua nambari hizi zilifikaje. H. M. Gartley, ambaye jina lake limebebwa na umbo maarufu kuliko yote, alichapisha mchoro wake mwaka 1935, na mchoro ule haukuwa na uwiano wa Fibonachi. Uwiano uliongezwa miongo kadhaa baadaye na watu wengine, akiwemo Larry Pesavento. Kipepeo anahusishwa na Bryce Gilmore pamoja na Pesavento, na kaa aliletwa na Scott Carney mwaka 2000. Walioongeza uwiano walikuwa wakitazama chati zilizokwishakamilika wakitafuta nambari zinazozifaa. Hilo si kosa, kwa kuwa kila wazo huanza hivyo. Kosa ni kuchukua chati zile zile, au za aina ile ile, na kuzifanya uthibitisho.

Je, basi hakuna kitu kabisa pale chini ya X? Siamini hivyo, na nisingependa uondoke na fikra hiyo. Kipepeo na kaa wote wanageukia nje ya X, yaani baada ya bonde la zamani kuvunjwa. Chini ya bonde linaloonekana na kila mtu huwa kuna stoplosi nyingi za walionunua. Bei ikifika hapo, oda zile zinageuka kuwa mauzo, bei inaruka chini kwa kasi, na zikiisha mara nyingine inarudi. Carol Osler alichapisha mwaka 2003 utafiti uliotumia oda halisi za wateja wa benki kwenye soko la sarafu, akaonyesha kwamba stoplosi na oda za kuchukua faida hukusanyika karibu na bei za mviringo, zile zinazoishia na 00 na 50. Hiyo ni sababu inayoweza kuelezeka. Lakini angalia inasema nini: mahali pa kugeuka pataamuliwa na wapi oda zimelala. Haisemi zitalala kwenye 1.27 ya mguu uliouchagua wewe. Na mara nyingine baada ya stoplosi kufagiliwa bei hairudi, inaendelea. Kipepeo na kaa hukuweka mbele ya mwendo huo kila mara, ukinunua kitu ambacho kimetoka kuvunja sapoti.

Kuna njia ya kujua kama nambari zinakusaidia, na inahitaji uvumilivu kuliko elimu. Andika kwanza kanuni yako bila nafasi ya kuchagua. Kwa mfano, kilele au bonde ni mshumaa ulio juu au chini kuliko mishumaa 10 ya kila upande. C imethibitika pale bei inapovunja B. D ni 1.27 kwa kipepeo na 1.618 kwa kaa, bila nyingine. Stoplosi na lengo viandikwe kwa pipsi au kwa sehemu ya XA. Kisha, kila C inapothibitika, andika D, tarehe na saa kabla bei haijafika. Maumbo mawili yakiwepo kwa pamoja, yaandike yote mawili, na matokeo ya yote mawili yahesabiwe. Usifute mstari hata mmoja.

Halafu fanya kitu ambacho ni wachache wanaokifanya. Tengeneza kipepeo bandia. Mpe B ya 0.74 na D ya 1.35, na kaa bandia mpe D ya 1.50, kwa uvumilivu ule ule na stoplosi ile ile. Wapitishe kwenye chati zile zile. Kama wale wa kweli wanashinda bandia kwa tofauti inayoonekana, nambari zina kazi. Kama wote wanatoka sawa, basi kilichokuwa kikikupa faida, kama ilikuwepo, ni ile hali ya kununua chini ya bonde lililovunjwa, na uwiano ulikuwa pambo tu. Unaweza kuitumia hali hiyo moja kwa moja bila kuchora pembetatu.

Usikimbilie hitimisho kwa idadi ndogo. Ukiweka lengo mara mbili ya stoplosi, unahitaji kushinda theluthi moja ya biashara ili utoke sare, kabla ya kulipa spredi. Wewe umeshinda 4 kati ya 14, ambayo ni chini kidogo ya hapo, lakini kwa biashara 14 hata mbinu nzuri inaweza kutoa matokeo hayo. Kwa biashara 100, mbinu ambayo kwa kweli inashinda theluthi itaonyesha kwa kawaida kitu kati ya 24 na 43. Ndiyo maana 14 zako hazithibitishi kwamba umbo ni baya, na mifano yako 40 iliyochaguliwa haithibitishi kwamba ni zuri.

Wakati unajaribu, kuna mawili ya kuchagua kuhusu akaunti halisi. Unaweza kusimama kabisa na kuandika tu, na hilo ndilo ningefanya. Au unaweza kuendelea kwa ukubwa mdogo kabisa ambao broka wako anauruhusu, ukikubali kwamba unalipia data. Njia ya tatu, ya kupanua stoplosi hadi chini ya 1.618 ili "kumfunika kaa", naona ikipendekezwa sana na siishauri. Kwenye mfano wako ingefanya stoplosi ya pipsi 20 iwe zaidi ya 70, na lengo lingebaki pale pale lilipokuwa.

Kama hujui kuandika programu, tafuta mtu wa takwimu au mwandika programu akae nawe ana kwa ana siku moja. Kazi ya kupima kanuni iliyokwishaandikwa vizuri si kubwa, na macho ya mtu asiyependa kipepeo wala kaa yatakufaa. Lakini kama fedha uliyotumia kwenye zile biashara 14 ni ya mkopo, ya karo au ya mtu mwingine, au umeanza kuongeza ukubwa ili urudishe ulichopoteza, kafunge kwanza biashara zilizo wazi, kisha uonane na mshauri wa fedha mwenye leseni katika nchi yako, asiye na uhusiano na broka wala na aliyekuuzia kozi. Mueleze hasara yote kwa nambari, na umpelekee taarifa ya akaunti kama ilivyo. Zile picha 40 ziache nyumbani.